Notisi ya Nyumba ya Same

Jumatano ile niliingia ofisini kwa wakili nikiamini nimewahi. Ilikuwa tarehe ishirini na saba Agosti, na kwa hesabu ya kaka yangu tulikuwa na zaidi ya wiki mbili za kujipanga. Nilikuwa nimetoka darasani moja kwa moja, vumbi la chaki bado liko kwenye vidole, na kwenye mkoba nilibeba mkataba wa nyumba yetu ya Same.

Nyumba hiyo aliijenga baba kidogo kidogo alipokuwa mwalimu, hatua chache kutoka barabara kuu. Tulikulia humo. Alipostaafu alirudi na mama mlimani, juu ya Gonja, na huko ndiko alikozikwa. Hati ya nyumba ikaandikwa jina la mama, na kaka, ambaye anafanya kazi Dar es Salaam, akatafuta mpangaji. Alipata kampuni ya pembejeo za kilimo. Sebule yetu wakaigeuza ofisi, vyumba vya nyuma wakavifanya ghala la mbegu. Mkataba ulikuwa wa miaka kumi, lakini kaka aling'ang'ania kifungu kimoja kiingizwe: siku mkataba utakapotimiza miaka mitano, mwenye nyumba anaweza kuuvunja, mara hiyo moja tu, mradi ametoa notisi ya maandishi isiyopungua miezi sita kabla. Baada ya hapo hakuna kuvunja mpaka miaka kumi iishe. Mama akasaini, nasi tukakisahau.

Kilichotukumbusha ni kuanguka kwa mama. Mwezi wa saba aliteleza nyuma ya jiko akaangukia nyonga. Mfupa haukuvunjika, lakini daktari wa Same alipompima aliona presha iko juu mno, akasema anataka kumwona kila baada ya wiki mbili. Mama alikuwa na miaka themanini na moja. Kutoka kwake mpaka hospitali ni kushuka mlima hadi Maore, halafu kuifuata barabara ya tambarare kupitia Kisiwani mpaka mjini. Kwa mtu mwenye magoti yake hiyo ni siku nzima, na kesho yake haamki. Mimi nilikuwa naishi Same hapo hapo, chumba na sebule ya kupanga, na wanangu wawili. Hapakuwa na mahali pa kumlaza isipokuwa kwenye kochi.

"Nyumba tunayo," kaka aliniambia kwa simu. "Kwa nini mama ahangaike? Tutoe notisi, mwezi wa tatu wanatoka, anashuka."

"Mwisho wa notisi ni lini?"

"Tulisaini tarehe kumi na nne Machi. Rudi nyuma miezi sita. Kumi na nne Septemba."

Tukakubaliana, sisi wawili, Jumapili moja baada ya ibada.

Wakili alikuwa mwanamke kijana, pengine hajafika hata thelathini na tano. Aliusoma mkataba bila haraka, ukurasa baada ya ukurasa, ilhali mimi nilikuwa nimezoea watu wanaofungua ukurasa wa mwisho kutazama saini. Ulikuwa umeandikwa kwa Kiingereza kizito. Alipofika katikati aliweka kidole mahali, akarudi ukurasa wa pili, kisha akatazama kalenda iliyokuwa ukutani nyuma yangu.

"Mwalimu," alisema, "nani amekuambia tarehe kumi na nne?"

"Kaka. Ndiyo siku tuliyosaini."

"Mlisaini tarehe kumi na nne, kweli. Lakini kifungu cha kuvunja hakisemi miaka mitano tangu kusaini. Kinasema tangu tarehe ya kuanza. Na tarehe ya kuanza imeandikwa hapa juu." Akanigeuzia karatasi. "Tarehe mosi Machi."

Nikakumbuka. Kampuni iliingia kabla ya makaratasi kukamilika. Walikuwa wanawahi msimu, wakaleta mbegu zao tarehe mosi, na mkataba ukafuata baadaye. Nikainuka nikaenda kwenye ile kalenda, nikaanza kuhesabu kama ninavyowafundisha watoto: miezi sita, kila mwezi siku thelathini, siku mia na themanini. Nilihesabu kurudi nyuma kutoka mosi Machi, mwezi kwa mwezi, nikiitaja kila tarehe kwa sauti.

"Septemba tarehe mbili," nilisema. "Jumanne. Bado tuna siku."

"Usihesabu siku. Imeandikwa miezi, na mwezi ni wa kalenda, uwe na siku thelathini au thelathini na moja. Kutoka mosi Machi ukirudi miezi sita unaangukia mosi Septemba. Ukipeleka tarehe mbili umechelewa kwa siku moja, na siku moja ni sawa na mwaka."

"Basi mosi Septemba. Jumatatu."

Alitikisa kichwa. "Mosi Septemba ni ukingoni. Imeandikwa isiyopungua miezi sita. Mtu akitaka ubishi atasema siku ya kupokea haihesabiwi na siku ya mwisho haihesabiwi, kwa hiyo miezi sita haijatimia. Tunaweza kubishana naye mahakamani, labda tukashinda. Lakini sitaki mama yako aipate nyumba yake kwa ubishi. Tuseme ipokelewe kabla ya mosi. Ishirini na tisa Agosti."

"Kwa nini isiwe thelathini na moja?"

"Thelathini na moja ni Jumapili. Thelathini ni Jumamosi." Akafungua ukurasa mwingine. "Hapa wameandika jinsi notisi inavyofikishwa. Kwa mkono, kwenye nyumba iliyopangishwa, kwa mfanyakazi yeyote anayesimamia ofisi. Au kwa rejista ya posta, na ya posta inahesabiwa imefika siku ya saba baada ya kutumwa. Hiyo imeshatupita. Barua pepe na ujumbe wa simu havikubaliki. Na ya mkono ikifika baada ya saa kumi alasiri, au siku isiyo ya kazi, inahesabiwa imefika siku ya kazi inayofuata. Siku za kazi ni Jumatatu mpaka Ijumaa."

Kupokelewa Jumamosi kulikuwa sawa na kupokelewa Jumatatu, na Jumatatu ndiyo ilikuwa mosi Septemba.

"Kesho kutwa, saa kumi," nikasema.

"Kesho kutwa, kabla ya saa kumi."

"Niandikie sasa hivi, nisaini, nipeleke leo leo. Ofisi yao ipo hapo tu."

"Una karatasi ya kisheria inayokuruhusu kusaini kwa niaba ya mama?"

Sikuwa nayo. Hatukuwahi kufikiria.

"Basi asaini mwenye nyumba."

Aliandika notisi nikiwa nimekaa pale pale. Ilikuwa fupi kuliko nilivyotarajia: nani anampa nani, mkataba upi, kifungu gani, na kwamba mkataba utakoma tarehe mosi Machi. Akachapa nakala tatu. Kabla hajanikabidhi aliishikilia bahasha kidogo.

"Mwambie mama jambo moja. Hii si barua ya kuomba. Ikishapokelewa huwezi kuirudisha peke yako. Ukibadili mawazo ni mpaka na mpangaji akubali. Asaini akiwa anajua."

Nilimpigia kaka nikiwa bado kwenye ngazi za jengo. Akasema, "Ningeipoteza nyumba ile kwa kukumbuka vibaya." Sauti yake haikuwa yake. Alitaka kupanda basi usiku huo huo. Nikamwambia hata akija hatasaini yeye, abaki na simu yake wazi.

Alhamisi asubuhi mwalimu mkuu alinipa ruhusa ya siku mbili. Nilipanda gari la Gonja, nikafika Maore mchana, nikapata pikipiki ya kunipandisha. Nilimkuta mama ameketi kwenye kigoda barazani anachambua maharage ya makande, mguu ameunyoosha mbele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo si siku ya shule?"

Nilimweleza yote kwa pamoja, kwa haraka, huku nikimtolea karatasi. Miezi sita, tarehe, saa kumi kesho. Nilikuwa nimebeba hata kalamu, nyeusi, kwa sababu wakili alisema nyeusi. Mama aliendelea kuchambua. Nilipomaliza alipuliza makapi kwenye ungo.

"Nani alikuambia nataka kushuka?"

Nilidhani hakusikia vizuri. "Daktari amesema kila wiki mbili, mama."

"Daktari nilimsikia. Nakuuliza wewe. Wewe na kaka yako mmenipangia nikalale Same, mmeshaenda mpaka kwa wakili. Mimi nimeulizwa lini?"

Nilitafuta kichwani siku yoyote tuliyomwuliza, nikapata tulizomwambia tu. Tulimwambia presha yake iko juu. Tulimwambia barabara ni mbaya. Tulimwambia nyumba ipo.

"Mama, muda umetubana. Tungejua mapema..."

"Muda umewabana ninyi." Hakupandisha sauti. Mama yangu akikasirika sauti hushuka. "Huko Same nina nani? Baba yenu alinitoa huko nikiwa bado na nguvu, nikafurahi. Joto lile. Hapa wanawake wa usharika wanakuja kila Jumatano. Nikiumwa, jirani anajua kabla hujajua wewe."

"Na usipoweza kufika hospitali?"

"Basi sitafika."

Nilikuwa na hasira, naikiri hasira ile, kwa sababu nilikuwa nimekimbia siku mbili kwa ajili yake na yeye anachambua maharage. Nikamwambia maneno ambayo si mazuri, kwamba akianguka tena ni mimi nitakayeitwa, si wanawake wa Jumatano. Alinyoosha mkono.

"Nipe hiyo karatasi. Na miwani yangu ipo dirishani."

Alisoma taratibu, akifuata mistari kwa kidole. Kiingereza chake kilikuwa cha darasa la zamani, lakini alielewa kuliko nilivyodhani. Nikakumbuka agizo la wakili, nikamwambia bila kulifunika: ukisaini na ikapokelewa, hairudi. Usiposaini, nyumba inabaki kwao miaka mingine mitano.

"Nitakuwa na themanini na sita," alisema. Akafikiri. "Au sitakuwa."

Akaikunja karatasi akaiweka chini ya Biblia mezani ndani, akaniambia niwashe moto. Kesho, alisema. Nilimwambia kesho ndiyo siku yenyewe. "Ndiyo nimekuambia kesho," akasema.

Sikulala sawasawa. Gari la kwanza la kushuka hupita alfajiri, saa kumi na mbili, na lilipopiga honi pale njia panda mama alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, kitu ambacho daktari alimkataza. Nikalisikia gari linaondoka. Nilikwenda kukata majani ya ng'ombe ili mikono yangu isikae bure. Niliporudi kaka alikuwa amepiga simu, na mama alikuwa anaongea naye, amejibanza ukutani, simu ameishika kwa mikono miwili.

"Hapana," nilimsikia. "Hapana. Sikiliza. Mimi ndiye nitakayesema nashuka lini. Si wewe, si dada yako. Na shamba langu la huku haliuzwi. Nikishuka, nitapanda tena nikitaka, hata kama ni kukaa mwezi. Sema kwamba umesikia." Akangoja. "Sema vizuri." Akangoja tena, kisha akanipa simu, na upande wa pili kaka alikuwa analia kama mtoto.

Ilikuwa karibu saa tatu. Mama aliketi mezani, akasafisha miwani kwa ncha ya kitenge, akasaini nakala tatu. Saini yake ni jina lote, herufi kwa herufi, na kila nakala ilichukua muda wake. Nikapuliza wino ukauke, nikazitia kwenye bahasha, nikasimama.

"Unakwenda wapi?"

"Kutafuta pikipiki. Nikikimbia nitafika saa nane."

"Barua ni yangu au yako?"

"Yako, mama."

"Basi naipeleka mimi. Nenda kaniombee kiti kwenye gari."

Nilimbishia, Mungu anisamehe, nilimbishia mpaka nikachoka. Pikipiki ingenifikisha Maore chini ya saa moja. Yeye ilibidi asubiri gari la pili, na gari la pili haliondoki mpaka lijae. Alikuwa tayari amevaa viatu vya kanisani.

Lilikuwa Noah la jirani mmoja kutoka kijiji cha juu. Dereva alipomwona mama anashuka njia kwa fimbo, huku mimi nimemshika kiuno, alikuja kumpokea mwenyewe. Nilimweleza. Aliangalia saa, akahesabu abiria wake watano, akasema twende, wengine atawaokota njiani. Tukaondoka saa nne na nusu. Kwenye kona za kushuka mama alifumba macho na kushika kiti cha mbele. Kila gari lilipodunda nilimwona anauma midomo, na hakusema kitu.

Maore tulibadilisha gari. Hapo tulipoteza karibu saa nzima, na mchele wa watu ukapakiwa juu ya paa gunia baada ya gunia huku mimi nikisimama juani kama askari. Tulipopita Kisiwani nilianza kupumua. Halafu mbele kidogo tukakuta kijana ameshika kibendera chekundu. Greda lilikuwa linasambaza kifusi, malori yamepanga foleni, na upande wetu umefungwa.

"Muda gani?" dereva aliuliza.

"Nusu saa tu."

Ilikuwa saa saba na robo. Nusu saa ikapita, ikaja nyingine. Nikashuka nikamfuata yule kijana, nikamwonesha mama kupitia dirishani, nikamwambia tuna karatasi ya kufikisha kabla ya saa kumi. Alinihurumia, nilimwona, lakini greda lilikuwa limekaa katikati ya barabara na kifusi kimerundikwa pande zote. Nikampigia wakili.

"Mko wapi?"

Nikamwambia.

"Mkifika msiende kwangu, nendeni moja kwa moja. Mkabidhi anayesimamia ofisi, agonge muhuri, aandike tarehe na saa kwenye nakala yenu. Akikataa kugonga, msitoke. Nipigie, nitakuja niwe shahidi kwamba amekabidhiwa. Muhuri ni ushahidi tu. Kinachohesabiwa ni kumfikia. Lakini imfikie kabla ya saa kumi."

Nilirudi garini. Mama alikuwa anakunywa maji kwa kizibo cha chupa. Aliniuliza wakili ana watoto wangapi. Nilimwambia sijui. "Uliza siku nyingine," akasema. "Sauti yake ni ya mtu anayelala kidogo."

Walitufungulia saa nane na dakika ishirini. Dereva aliendesha vizuri, si ovyo, na hakuna abiria aliyelalamika alipokataa kusimama kupakia. Tuliingia stendi ya Same saa tisa na dakika ishirini na tano. Dereva wa bajaji ya kwanza nilimwambia atupeleke kule wanakokuita "kwa mbegu", akaelewa.

Mama hakuwa ameikanyaga nyumba ile tangu mkataba usainiwe. Alisimama mlangoni akiangalia kaunta iliyowekwa pale palipokuwa na kochi la baba, mabango ya mahindi yaliyobandikwa ukutani, magunia mpaka kwenye korido. Harufu ilikuwa ya dawa ya kuhifadhia mbegu. Binti wa kaunta alimwamkia, akamletea kiti.

"Meneja yupo?" niliuliza.

"Ametoka kidogo. Atarudi."

"Muhuri?"

"Muhuri anatembea nao."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na dakika thelathini na nne. Nikamuuliza nani anasimamia ofisi akiwa hayupo. Akaangalia huku na huku kana kwamba mtu huyo angetokea nyuma ya magunia. "Mimi... lakini mimi napokea wateja tu." Nikampigia wakili, akasema anatoka sasa hivi.

Meneja aliingia saa tisa na dakika arobaini na moja, mtu mzima wa makamo, na risiti mkononi. Aliposikia neno notisi aliweka risiti chini.

"Mama, shikamoo. Hizi barua mimi sipokei. Zinakwenda makao makuu, Moshi. Njooni Jumatatu, niwapigie simu kwanza waniambie utaratibu."

Nilikuwa nimekariri namba ya kifungu. Nilimfungulia mkataba, nikamwekea kidole: kwenye nyumba iliyopangishwa, kwa mfanyakazi yeyote anayesimamia ofisi. Alisoma. Alisoma tena. Akatoa simu akaenda nje, na dirishani nikamwona anaongea, anasikiliza, anaongea. Saa tisa na dakika arobaini na tisa. Alirudi uso umekunjamana.

"Wanasema nisigonge kitu chochote mpaka mwanasheria wao aione."

"Na mwanasheria wao yuko wapi?"

"Safarini."

Nilifungua mdomo, lakini mama alikuwa ameshainuka. Aliuchukua mkono wangu, akaitoa bahasha, akatembea hatua tatu mpaka kwenye kaunta bila fimbo. Akampa meneja nakala moja, kwa mikono miwili, kama anavyompa mtu chakula.

"Mwanangu," alisema, "sikuombi ruhusa. Mimi ndiye mwenye nyumba, na leo nimekuletea barua. Nimetoka juu ya Gonja tangu asubuhi. Kama hutaki kugonga, usigonge. Nimeshakupa, na huyu binti ameona."

Meneja alikuwa ameishika. Nadhani aliipokea kwa mazoea tu, kwa sababu mzee akikupa kitu kwa mikono miwili unapokea. Wakili aliingia wakati huo huo, anahema, viatu vimejaa vumbi, akajitambulisha, akauliza kwa upole ni saa ngapi kwa saa yao. Sote tukatazama ukutani. Saa tisa na dakika hamsini na nne.

Meneja alikaa. Aliitazama ile karatasi, akamtazama mama, ambaye sasa alikuwa ameshika kaunta kwa nguvu kwa sababu mguu ulikuwa unamtetemeka. Akamwambia binti asogeze kiti. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa muhuri, akagonga nakala yetu. Akaandika tarehe ishirini na tisa, na chini yake, kwa mwandiko mdogo, saa. Alipomaliza alisema, si kwangu, kwa mama, "Nimepokea. Sijasema nimekubali."

"Kukubali hakujaandikwa humo," wakili akasema.

Wiki nne zilizofuata nilikuwa mtu wa kushtuka simu ikiita. Makao makuu waliandika kwamba notisi inaangaliwa. Kisha wakaandika kwamba kwa maoni yao tarehe ya kuhesabia ni ile ya kusaini, kwa hiyo watatoka tarehe kumi na nne Machi wala si mosi. Niliposoma nilicheka peke yangu ofisini kwa walimu mpaka wenzangu wakageuka. Wakili aliwajibu kwa barua moja akiwaonesha ukurasa wa pili. Mwishoni mwa Septemba walikiri kwa maandishi: mkataba utakoma mosi Machi.

Walitoka siku mbili kabla. Meneja alitembea nasi chumba hadi chumba kukabidhi, akaomba radhi kwa matundu ya misumari. Tulipaka rangi, tukafungua madirisha wiki nzima ili ile harufu ya dawa itoke, na mama hakushuka. Machi ikaisha, Aprili ikaanza, mvua zikanyesha, sikumwuliza. Kaka alinipigia mara mbili akitaka nimwulize, nikamwambia amwulize yeye, naye akaogopa.

Alishuka wiki ya pili ya Mei, bila kutuarifu, na dereva yule yule wa Noah, akiwa na sufuria yake moja, godoro, na kuku wawili. Nilimkuta uani nilipotoka shuleni, ameshagombana na jirani kuhusu maji yanayotiririka ukutani. Alisema chumba cha mbele kina joto, atalala cha nyuma. Kesho yake nilimpeleka kliniki kwa miguu, taratibu, tukipumzika mara moja tu, na daktari alipofunga kitambaa cha kupimia presha kwenye mkono wake alimwuliza siku hizi anaishi wapi.

"Kwangu," mama alisema.